Waifai ya wageni na ya wafanyakazi kwenye kontrola moja: kutafuta hitilafu dalili kwa dalili

Mwongozo huu ni kwa fundi au mwenye hoteli ndogo, shule au kliniki ambaye amegawa waifai mara mbili, moja ya wageni na moja ya kazi, kisha kitu kimegoma. Malalamiko yanayoletwa huwa yale yale machache, na mengi yana chanzo kimoja: lebo ya VLAN, ile namba inayotenganisha mitandao inayopita kwenye waya mmoja, imepotea mahali fulani kati ya simu na ruta. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mipangilio yoyote, shika mpangilio wenyewe kichwani.

Mfano tutakaotumia ni wa hoteli ndogo yenye ruta ya MikroTik ya RouterOS 7, swichi ndogo ya TP-Link TL-SG108PE, na aksesi pointi tatu za UniFi, ambazo hapa nitaziita AP. Kontrola ya UniFi imewekwa kwenye kompyuta ya ofisini. Ukiwa na vifaa vya kampuni nyingine, majina ya menyu yatabadilika lakini njia ya kutafuta hitilafu haibadiliki.

```
Usimamizi   VLAN 1   192.168.88.0/24   bila lebo
Kazi        VLAN 10  192.168.10.0/24   Hoteli-Kazi
Wageni      VLAN 20  192.168.20.0/24   Hoteli-Wageni
```

AP zimechomekwa poti 1, 2 na 3 za swichi, kompyuta ya kontrola poti 5, na poti 8 inakwenda `ether2` ya ruta. Simu ya mgeni haijui habari ya VLAN. AP ndiyo inayobandika namba 20 kwenye kila fremu inayotoka kwa mgeni, swichi inaipitisha ikiwa na namba yake, na ruta inaipokea kwenye mlango wa VLAN 20. Kontrola haipo kwenye njia hiyo. Kazi yake ni kuziambia AP zifanye nini, na hata ukiizima, waifai ya nenosiri la kawaida inaendelea kufanya kazi. Wengi hupoteza saa nzima wakichokoa kontrola wakati tatizo liko kwenye swichi ya shilingi chache iliyofichwa juu ya dari.

Kabla ya yote: simu imepata anwani gani?

Chukua simu iliyogoma, fungua taarifa za waifai iliyounganika, usome anwani ya IP. Hatua hii ya nusu dakika inakuonyesha sehemu ya mwongozo unayoihitaji. Ikianza na 169.254, au simu ikibaki inazunguka bila kupata anwani, nenda dalili ya kwanza. Mgeni akiwa na 192.168.10 au 192.168.88, nenda ya pili. Akiwa na 192.168.20 sawasawa lakini kurasa hazifunguki, nenda ya tatu. Na kama simu haikufika hata hatua ya kuomba anwani kwa sababu nenosiri limekataliwa, hilo ni suala la WPA, dalili ya nne, na VLAN haihusiki hata kidogo. Ukaguzi wa WPA hufanyika kati ya simu na AP kabla fremu yoyote ya mgeni haijaruhusiwa kwenda kwenye swichi. Ndiyo maana nenosiri likishakubaliwa hakuna faida ya kulibadilisha tena na tena.

Dalili ya kwanza: nenosiri linakubaliwa, anwani haipatikani

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote.

Chanzo cha kawaida ni poti ya swichi ambayo haikuwekwa kwenye VLAN 20. Ingia kwenye swichi, fungua `802.1Q VLAN`, uangalie VLAN 20. Poti 1, 2, 3 na 8 zote zinatakiwa ziwe `Tagged`. Watu hukumbuka poti za AP wakasahau poti ya 8 inayokwenda kwenye ruta, na hapo wageni wa hoteli nzima hukosa anwani kwa pamoja. Wakikosa wageni wa AP moja tu huku wengine wakiendelea vizuri, ni poti ya AP hiyo au waya wake. Tofauti hiyo peke yake inakupunguzia nusu ya kazi, basi uliza swali hilo kwanza: ni wote au ni wa upande mmoja?

VLAN 1 iache ilivyo, `Untagged` kwenye poti zote hizo, na PVID, namba ya VLAN ambayo poti huipa fremu inayoingia bila lebo, ibaki 1. AP zinapata anwani zao za usimamizi kupitia hapo.

Chanzo cha pili ni anwani kwisha. Dalili yake ni kwamba asubuhi kila kitu kinafanya kazi, jioni ukumbi ukijaa watu wa harusi wanaanza kulalamika, na waliotangulia hawana shida yoyote. Bwawa la 192.168.20.10 hadi 192.168.20.254 lina anwani 245. Kama kila simu inashikilia yake kwa saa 24, aliyekunywa soda mchana akaondoka bado anahesabiwa usiku. Isitoshe, simu za Android 10 na iOS 14 kuendelea hutumia anwani ya MAC ya kubuni, kwa hiyo mtu akisahau mtandao akaunganika upya anaweza kuhesabiwa kama kifaa kipya. Kwenye ruta angalia:

```
/log print where topics~"dhcp"
/ip dhcp-server lease print count-only
```

Ukikuta ujumbe unaosema `pool` fulani `is empty`, umepata jibu. Punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa moja kwa wageni. Kwa hoteli yenye ukumbi mkubwa, panua mtandao wa wageni uwe /23, lakini hakikisha anwani zinazoongezeka hazigongani na mtandao mwingine wowote ulio nao.

Chanzo cha tatu ni swichi isiyojua VLAN iliyowekwa katikati ya njia. Kwenye majengo ya zamani kama ya Mji Mkongwe, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe zinameza mawimbi, AP huwa nyingi, na fundi akiishiwa poti hununua kiswichi cha kawaida na kukichomeka juu ya dari. Kiswichi cha namna hiyo mara nyingi hupitisha lebo bila kuigusa, na hapo ndipo kinapodanganya. Lebo ya 802.1Q huongeza baiti 4, na fremu kubwa kabisa ya kawaida hutoka baiti 1518 ikawa 1522. Vifaa vingine vya zamani huitupa fremu ya ukubwa huo. Matokeo yake yanafanana zaidi na dalili ya tatu: fremu ndogo zinapita, simu inapata anwani, hata `ping` inajibu, lakini picha na kurasa nzito zinakwama nusu. Ukiona mambo ya kupata na kukosa namna hiyo kwenye upande mmoja wa jengo, fuata waya kwa mkono hadi mwisho wake. Usiamini mchoro ulioachwa na fundi aliyetangulia.

Chanzo cha nne kiko ndani ya ruta, nacho ni nadra kama swichi yako ni mpya lakini ni cha kawaida mno kwa anayepanga MikroTik kwa mara ya kwanza. Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kuunda mlango wa VLAN juu ya `ether2` wakati `ether2` tayari ni mwanachama wa briji. Mlango wa VLAN unatakiwa ukae juu ya briji yenyewe. La pili ni kuwasha `vlan-filtering` bila kuiorodhesha briji kama mwanachama mwenye lebo. Kabla ya kuwasha, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, kwa kuwa briji ilikuwa inapitisha fremu zote bila kuuliza. Baada ya kuwasha, kwenye matoleo ya RouterOS 7 yasiyoiongeza briji yenyewe, fremu za wageni zinafika kwenye ruta lakini haziruhusiwi kuingia kwa seva ya anwani. Sehemu ya VLAN inatakiwa isomeke hivi:

```
/interface vlan
add name=vlan-kazi interface=bridge vlan-id=10
add name=vlan-wageni interface=bridge vlan-id=20
/interface bridge vlan
add bridge=bridge tagged=bridge,ether2 vlan-ids=10,20
```

Neno `bridge` ndani ya `tagged` ndilo linalosahauliwa.

TAHADHARI: usiwashe `vlan-filtering` ukiwa mbali na ruta. Hifadhi mipangilio kwanza kwa `/export file=kabla`, kisha bonyeza `Safe Mode` kwenye Winbox. Ukijifungia nje, mawasiliano yakikatika ruta itarudisha yale uliyobadilisha. Kama ruta hiyo hiyo ndiyo inayobeba simu za dharura, kamera za ulinzi au malipo ya duka zima, fanya usiku au mwite aliyeipanga.

Sasa tuseme hujui ni chanzo kipi kati ya hivyo. Igawe njia vipande viwili. Chukua poti 7 ya swichi, iweke `Untagged` kwenye VLAN 20, itoe kwenye VLAN 1, na kwenye ukurasa wa `802.1Q PVID Setting` uipe PVID 20. Ukurasa huo wa PVID uko peke yake na wengi hawaufungui. Ukiusahau, jaribio lenyewe litakudanganya. Chomeka kompyuta ya mpakato kwa waya. Ikipata 192.168.20.x, basi swichi hadi ruta pako sawa na hitilafu iko kati ya swichi na AP. Isipopata, achana na AP kabisa, hitilafu iko kati ya swichi na ruta.

Hebu tulipitishe tatizo moja zima kwa njia hii. Wageni wa bustanini hawapati anwani, wa mapokezi wanapata. Wafanyakazi walio bustanini nao hawapati, na hilo ni muhimu kulijua, maana linaonyesha VLAN 10 na 20 zimekatika pamoja na wala si mpangilio wa mtandao mmoja. AP ya bustanini inaonekana `Online` kwenye kontrola, na hapo mtu husema waya ni mzima. Waya ni mzima, ndiyo, lakini kontrola inaongea na AP kwa VLAN 1 isiyo na lebo, kwa hiyo `Online` haithibitishi lolote kuhusu VLAN 20. Kompyuta kwenye poti 7 inapata 192.168.20.x bila shida. Swichi na ruta, basi, ni wazima. Jedwali la swichi linaonyesha poti 3 ni `Tagged` kwenye 10 na 20 kama inavyotakiwa. Tunaiuliza ruta inamwona nani:

```
/interface bridge host print where vid=20
```

Orodha hii hutoa namba za VLAN ikiwa `vlan-filtering` imewashwa. Simu ya bustanini haimo. Ingekuwa inaonekana chini ya `vid=1`, tungejua lebo imevuliwa njiani. Haipo popote, maana yake fremu yenye lebo haifiki kabisa. Kimebaki kipande kimoja, waya wa kutoka poti 3 kwenda bustanini. Unaufuata na kukuta umekatizwa na swichi ya pili yenye mipangilio, iliyonunuliwa kwa ajili ya kamera, ambayo inajua VLAN 1 peke yake na kutupa kila lebo isiyoijua. Ukiziongeza VLAN 10 na 20 kwenye poti zake mbili, ile ya kuingilia na ile ya AP, bustani nzima inapata anwani.

Dalili ya pili: mgeni anapata anwani ya mtandao mwingine

Mgeni mwenye 192.168.88.x au 192.168.10.x karibu siku zote anatokana na kontrola. Kwenye `Settings`, fungua `WiFi`, chagua Hoteli-Wageni, uangalie `Network` iliyochaguliwa. Ikiwa imebaki `Default`, AP haibandiki lebo yoyote na mgeni anaingia moja kwa moja kwenye mtandao wa usimamizi, mahali pabaya kuliko pote kwake kuwapo. Kwanza unda mtandao wenye VLAN ID 20 chini ya `Networks`, na kwa kuwa ruta si ya UniFi, chagua `Third-party Gateway`. Kisha rudi uuchague kwenye waifai. Subiri AP zimalize kupokea mpangilio kabla ya kujaribu, na kwenye simu sahau mtandao uunganike upya. Simu nyingine hung'ang'ania anwani ya zamani.

Mgeni akipata anwani ambayo haipo kabisa kwenye mpango wako, kwa mfano 192.168.0.x au 192.168.1.x, kuna ruta nyingine inayogawa anwani ndani ya jengo. Kwa kawaida ni ile ya zamani ya kampuni ya intaneti, au kiruta cha mtu aliyetaka kuongeza nguvu ya waifai chumbani mwake akakichomeka kwa poti za LAN. Soma anwani ya lango kwenye simu iliyoathirika, kisha tafuta MAC ya lango hilo kwenye jedwali la ruta au swichi ujue iko poti gani. Chomoa poti hiyo. Mwenye kiruta atakuja mwenyewe.

Dalili ya tatu: anwani ni sahihi, kurasa hazifunguki

Jaribu kwanza `ping 8.8.8.8` kutoka kwenye kompyuta iliyo upande wa wageni. Ikijibu huku majina ya tovuti hayafunguki, intaneti ipo na kinachokosekana ni DNS.

Kwenye MikroTik yenye faiawoli ya kiwandani kuna sababu moja inayojirudia. Faiawoli hiyo hutupa kila kinachoingia kwenye ruta kisichotoka kwenye orodha ya milango iitwayo `LAN`, na mlango mpya wa `vlan-wageni` haumo kwenye orodha hiyo. Ugawaji wa anwani unaendelea kufanya kazi kwa sababu seva ya DHCP ya ruta hii husikiliza kabla faiawoli haijaamua. Ndiyo maana fundi huona anwani imetoka na kuamini ruta haina kosa. Maombi ya DNS hayana bahati hiyo, yanatupwa kimya.

Dawa ya haraka wanayoitoa wengi ni kuiingiza `vlan-wageni` kwenye orodha ya `LAN`. Siikubali. Kwa kufanya hivyo umempa kila mgeni nafasi ya kufungua Winbox na kujaribu nenosiri la ruta yako. Mtandao wa kazi unaweza kuuingiza ukiwaamini watumiaji wake, lakini wageni wape DNS tu:

```
/ip firewall filter
add chain=input in-interface=vlan-wageni protocol=udp \
  dst-port=53 action=accept place-before=[find \
  comment="defconf: drop all not coming from LAN"]
```

Ongeza nyingine kama hiyo kwa `protocol=tcp`. Mpangilio wa mistari ni muhimu: ruhusa ikikaa chini ya katazo haisomwi.

Kama `ping` nayo haijibu, angalia NAT. Mstari wa `masquerade` wa kiwandani hufanya kazi kwa milango iliyo kwenye orodha ya `WAN`. Ukiwa na intaneti ya PPPoE na mlango wake haumo kwenye orodha hiyo, hakuna atakayetoka, awe mgeni au mfanyakazi.

Kisha kuna ukurasa wa kukaribisha, ule wa kukubali masharti au kuandika vocha. Huu ndio mahali pekee ambapo kontrola inahitajika muda wote. Ukurasa usipojitokeza, hakikisha kwanza kompyuta ya kontrola imewashwa na haijalala. Halafu kumbuka kwamba kontrola iko 192.168.88.x na mgeni yuko 192.168.20.x, basi mgeni anahitaji njia ya kuifikia kwenye poti 8880 na 8843. Ukiwa umeweka katazo la kuwatenga wageni, ambalo ndilo tunalolijia, ruhusa ya poti hizo mbili kwa anwani ya kontrola peke yake iwekwe juu ya katazo.

Dalili ya nne: nenosiri linakataliwa, au kifaa hakiuoni mtandao

Kama ni kifaa kimoja kilichozeeka, mara nyingi ni printa, mashine ya kuchapa risiti au simu ya miaka mingi, tuhumu WPA3. WPA3 inalazimisha ulinzi wa fremu za usimamizi, unaoandikwa `PMF` kwenye kontrola, na vifaa vya zamani havijui ulinzi huo. Chagua `WPA2/WPA3`, na `PMF` ibaki `Optional`. Kifaa kikiendelea kugoma hata hapo, kwa kuwa baadhi huchanganyikiwa na tangazo lenye aina mbili, weka mtandao huo kwenye `WPA2` tupu. Usirudi nyuma zaidi hadi WPA ya kwanza yenye TKIP kwa sababu ya printa moja, ipe waya. Na kumbuka kwamba masafa ya 6 GHz hayakubali WPA2, hivyo AP yenye masafa hayo itautangaza mtandao wa WPA2 kwenye 2.4 na 5 GHz tu.

Wakikataliwa wote, kwanza lisome nenosiri kwenye kontrola kwa macho. Linatakiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, na nafasi iliyonaswa mwishoni wakati wa kunakili kutoka WhatsApp huhesabiwa kama herufi.

Mtandao wa kazi ukitumia `WPA2 Enterprise`, ambapo kila mfanyakazi ana jina na nenosiri lake, hadithi inabadilika. Hapo AP yenyewe ndiyo inayoiuliza seva ya RADIUS kwenye poti 1812, na inauliza kwa anwani yake ya usimamizi, 192.168.88.x. Seva inatakiwa izijue anwani za AP zote, au mtandao mzima wa 88, pamoja na neno la siri lile lile. Ukiongeza AP mpya ikawa ndiyo pekee inayowakataa watu, fungua kumbukumbu za FreeRADIUS utafute `unknown client`. Wakikataliwa wafanyakazi wote kuanzia siku moja bila mtu kugusa kitu, angalia tarehe ya mwisho ya cheti cha seva, kisha saa ya kompyuta yenyewe. Simu nyingi mpya za Android nazo hazina tena chaguo la kutokagua cheti, na mara nyingi zinataka uandike jina la kikoa lililo kwenye cheti.

Seva ya RADIUS inaweza pia kumpangia kila mtu VLAN yake, kwa kurudisha thamani hizi:

```
Tunnel-Type = 13
Tunnel-Medium-Type = 6
Tunnel-Private-Group-Id = "10"
```

Mtu akikubaliwa nenosiri halafu akakosa anwani, huenda amepangiwa VLAN ambayo swichi haiibebi, na hapo unarudi dalili ya kwanza.

SIMAMA HAPA kama seva hiyo ndiyo inayobeba pia akaunti za kompyuta za ofisi nzima. Cheti kikibadilishwa ovyo, watu wanaweza kufungiwa nje ya vitu vingi zaidi ya waifai. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa seva.

Dalili ya tano: mgeni anaiona printa ya ofisi

VLAN hutenganisha kwenye swichi. Ruta inaziunganisha tena, kwa sababu kazi ya ruta ni kupitisha mawasiliano kati ya mitandao, na faiawoli ya kiwandani haizuii VLAN 20 kwenda VLAN 10. Usipoliweka katazo mwenyewe, halipo:

```
/ip firewall filter
add chain=forward in-interface=vlan-wageni \
  out-interface-list=!WAN action=drop
```

Mstari huu unasema mgeni anaweza kwenda intaneti na si kwingine. Jaribu kwa simu iliyo Hoteli-Wageni kuifungua 192.168.10.x ya printa. Mawasiliano yaliyokuwa yamefunguka kabla ya katazo yanaweza kuendelea hadi yafe yenyewe, basi unganisha simu upya kabla ya kusema sheria haifanyi kazi. Jaribu pia kufungua ukurasa wa ruta kwa 192.168.10.1 na 192.168.88.1, maana hizo ni anwani za ruta yenyewe. Zinalindwa na mistari ya `input`, wala si huu wa `forward`, na ukaguzi mwingi huishia kwa 192.168.20.1.

Wageni kuonana wao kwa wao ni jambo jingine. Hao wako VLAN moja na ruta haiwaoni wakiongea, kwa hiyo washa `Client Device Isolation` kwenye waifai ya wageni.

Ukiwa na mashine za malipo ya kadi kwenye mtandao wa kazi, usijiridhishe kwa jaribio la simu. Benki au kampuni ya malipo ina masharti yake ya kutenganisha mitandao, na ukaguzi wake ufanywe na mtu anayeweza kuuwekea sahihi.

Dalili ya sita: AP zimetoweka kwenye kontrola

Hili hutokea mara baada ya mtu kugusa VLAN ya poti. AP inaitafuta kontrola kwa poti 8080 kupitia VLAN isiyo na lebo. Ukiipa poti 1 PVID 20, AP inajikuta kwa wageni na kontrola haipatikani, ingawa waifai bado inatangazwa kwa mipangilio ya mwisho. Rudisha PVID 1. Kama anwani ya kompyuta ya kontrola ndiyo iliyobadilika, ingia AP kwa SSH uielekeze upya, kisha ifungie kompyuta hiyo anwani yake kwenye ruta:

```
set-inform http://192.168.88.10:8080/inform
```

Nyumba inayozimika umeme mara kwa mara hukutana na hali nyingine: umeme ukirudi, AP moja haiwaki kabisa. Badilisha waya na poti. Usichukue injekta yoyote iliyo karibu ukaichomeka. AP nyingi za aina hii zinataka PoE ya 802.3af au 802.3at, inayouliza kifaa kabla ya kutoa umeme. Injekta za zamani za 24V hutoa umeme bila kuuliza, na hizo zinaweza kuunguza kifaa kisichozitaka.

Taa zote za swichi zikiwaka kwa kasi moja bila kupumzika na mtandao mzima ukazimia, wa waya na wa waifai, kuna waya umechomekwa pande mbili za swichi ile ile. Chomoa moja moja ukiangalia taa hadi zitulie. Na kama AP iliyokufa iko jengo jingine na waya wa shaba unapita nje kati ya majengo, usiiguse wakati wa mvua ya radi, na usiweke mpya kabla fundi umeme hajapima ardhi ya majengo yote mawili. Mara nyingi jibu lake litakuwa kuubadilisha waya huo kwa faiba.